Pete ya Zohali: Namna ya Kupima Tiba za Nyota za Kihindi

Katika miji mingi ya Bara Hindi, mtu anayenunua yakuti samawi kwa ajili ya nyota yake huonywa asiivae mara moja. Huambiwa kwanza akifunge kito hicho katika kitambaa, akiweke chini ya mto anaolalia, au akifunge mkononi, kwa muda wa siku tatu. Akiota ndoto mbaya, akigombana na mkewe, akijikwaa njiani au akipata hasara yoyote, hiyo ni dalili ya kuwa kito kimemkataa, naye hana budi kukirudisha. Siku tatu zikipita kwa salama, hukipeleka kwa sonara kitiwe katika pete, na pete huvaliwa katika kidole cha kati siku ya Jumamosi.

Desturi hii yastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu kwa sura yake ni jaribio. Kuna jambo linalodaiwa, kuna muda uliowekwa, na kuna matokeo yanayoweza kumfanya mtu akatae kito. Ni tiba chache za jadi, popote duniani, zinazojiweka wazi namna hiyo. Swali ni kama jaribio lenyewe limejengwa vizuri kiasi cha kuweza kutofautisha kito chenye nguvu na kisicho na nguvu.

Imani iliyo nyuma ya desturi hiyo ni sehemu ya unajimu wa Kihindi, uitwao Jyotish. Wanajimu wake huhesabu miili tisa ya mbinguni, na kila mmoja una kito chake. Jua lina yakuti nyekundu, Mwezi una lulu, Mirihi ina marijani, Zebaki ina zumaridi. Zohali, ambayo Wahindi huiita Shani, ina yakuti samawi. Sayari ikimkalia mtu vibaya, tiba ni za aina tatu: kito, mantra, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa, na sadaka. Siku hizi tiba hizo huitwa za Veda, ingawa jina hilo huficha mengi. Kitabu cha kale cha falaki kinachohusiana na Veda hushughulika na kalenda na nyakati za ibada. Buruji kumi na mbili na usomaji wa nyota ya kuzaliwa viliingia India kutoka kwa Wayunani katika karne za mwanzo za enzi yetu, na mwanachuoni Varahamihira, aliyeishi katika karne ya 6, aliwataja Wayunani hao kwa heshima. Lakini umri wa jambo si hoja ya kulikubali wala ya kulikataa.

Kati ya sayari zote, Zohali ndiyo inayoogopwa zaidi, na kipindi chake kinachotisha kuliko vyote huitwa Sade Sati, maana yake saba na nusu. Huanza Zohali inapoingia katika buruji iliyo kabla ya ile ambamo Mwezi ulikuwamo mtu alipozaliwa, huendelea inapopita katika buruji hiyo yenyewe, na huisha inapotoka katika buruji inayofuata. Zohali hulizunguka Jua kwa muda wa miaka 29 na nusu hivi. Hukaa, basi, karibu miaka miwili na nusu katika kila buruji, na buruji tatu hufanya miaka saba na nusu.

Hapa mwanafunzi anaweza kuchukua kalamu. Mwezi huzunguka buruji zote kumi na mbili kwa siku 27 na kidogo, hivyo hukaa katika kila moja siku mbili na robo tu, na watu huzaliwa chini ya buruji zote kwa idadi zinazokaribiana. Zohali inawatia katika Sade Sati watu wa buruji tatu kwa wakati mmoja. Tatu katika kumi na mbili ni robo. Tangu Zohali ilipoingia katika buruji ya Samaki, kwa hesabu ya Kihindi, mwaka 2025, walio katika kipindi hicho ni waliozaliwa Mwezi ukiwa katika Ndoo, Samaki au Kondoo. India ina watu zaidi ya milioni 1,400, na robo yao ni watu zaidi ya milioni 350. Kila wakati, basi, mtu mmoja katika kila wanne, awe tajiri au maskini, bwana arusi au mfiwa, yumo katika Sade Sati. Mnajimu akimwona mtu mwenye dhiki na kukuta kwamba yumo, amekuta jambo ambalo angelikuta kwa mtu mmoja katika kila wanne wanaopita barabarani wakicheka.

Ili kuona jinsi tiba inavyopata sifa, yafaa kutunga mfano, ingawa kila kipande chake ni cha kawaida. Muuza nguo mmoja wa Maharashtra, mwenye umri wa miaka 45, amekuwa na mwaka mbaya. Wateja wamepungua, deni limekua, naye mwenyewe amechoka tangu asubuhi, anakunywa maji mengi na kuamka usiku mara tatu kwenda haja ndogo. Mwezi wa Agosti, mvua zikiwa nyingi na duka likiwa tupu, anakwenda kwa mnajimu. Anaambiwa kuwa yumo katika Sade Sati. Anakopa fedha zaidi, ananunua yakuti samawi ya gramu 1.20, na kwa siku tatu anailalia. Hakuna baya linalotokea, anaivaa. Kufikia mwezi wa Novemba duka limejaa watu, na nusu ya deni imelipwa. Mtu huyu hadanganyi anapowaambia jirani zake kwamba pete imemfaa. Anasimulia aliyoyaona kwa macho yake.

Lakini Agosti na Novemba si miezi sawa kwa muuza nguo wa Kihindi. Kati ya miezi hiyo huja sikukuu ya Diwali, ambapo kila nyumba inayojiweza hununua nguo mpya. Maduka ya majirani zake wasio na pete yalijaa vile vile. Isitoshe, hata pasipo sikukuu, watu hawaendi kutafuta tiba siku mambo yao yanapokwenda vizuri. Huenda yanapofika chini kabisa, na kilichofika chini kabisa, mara nyingi, njia yake iliyobaki ni kupanda kidogo. Mwanafunzi aliyepata alama mbaya kuliko zake zote katika mtihani mmoja, yamkini atapata zilizo bora katika ule unaofuata, awe amevaa pete au hakuvaa. Wanatakwimu huliita jambo hili kurudi kwenye wastani. Tiba yoyote inayotolewa mtu akiwa chini itaonekana kufanya kazi, na tiba inayodumu kwa miaka, kama pete, itakuwapo mkononi siku kipindi kibaya kitakapokwisha chenyewe.

Na zile siku tatu za kujaribu? Jaalia kwamba katika maisha ya kawaida, siku moja katika kila tano huwa na jambo ambalo mtu mwenye wasiwasi angeweza kulihesabu kuwa baya: ndoto ya kutisha, ugomvi, kuvunjika kwa kikombe, kuumwa na kichwa. Nafasi ya kupita siku moja bila jambo hilo ni 0.8. Nafasi ya kupita siku tatu ni 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani 0.512. Hivyo karibu nusu ya watu wote watakirudisha kito, na nusu nyingine watakivaa, hata kama kilichofungwa katika kitambaa ni kokoto. Waliokirudisha watashuhudia kwamba yakuti samawi ni kali mno na haichezewi. Waliokivaa watashuhudia kwamba iliwakubali. Jaribio limetoa mashahidi wa aina mbili, wote wakiusifu uwezo wa kito, wala halikuacha nafasi kwa shahidi wa tatu ambaye angesema kwamba kito hakikufanya lolote. Hapo ndipo kasoro ilipo. Siku tatu zilizopita kimya zingeweza kuwa dalili ya kuwa kito hakina nguvu, lakini zimekwisha kuhesabiwa kuwa kibali.

Kito chenyewe nacho kina habari zake. Yakuti samawi ni oksidi ya alumini, Al₂O₃, ambayo ikiwa safi kabisa haina rangi. Buluu yake hutokana na chembe chache sana za chuma na titani. Huchimbwa Sri Lanka na nchi nyinginezo, na Tanzania pia, katika bonde la Umba na, tangu miaka ya 1990, katika sehemu za Tunduru na Songea. Uzito wake, ukilinganishwa na maji ya ujazo ule ule, ni mara nne. Jambo hili laweza kupimwa katika maabara ya shule kwa mizani nyepesi na uzi. Kito cha muuza nguo kina gramu 1.20 hewani. Kikining'inizwa ndani ya maji bila kugusa chombo, mizani itaonyesha gramu 0.90. Kimepungua gramu 0.30, na 1.20 ikigawanywa kwa 0.30 ni 4.0. Kama angeuziwa kioo cha buluu chenye uzito ule ule, kingepungua karibu gramu 0.48, na jibu lingekuwa 2.5. Kipimo hiki hakikiharibu kito, na mnunuzi yeyote aweza kukidai.

Kuna, hata hivyo, mgeni ambaye mizani haiwezi kumfichua. Mwaka 1902 mkemia Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kutengeneza yakuti nyekundu kwa kuyeyusha unga wa oksidi ya alumini katika mwali wa moto, na miaka michache baadaye njia hiyo ilitoa yakuti samawi. Kito cha kiwandani kina kemia ile ile, ugumu ule ule na uzito ule ule kama kilichotoka ardhini. Mtaalamu hukitambua kwa darubini, akitafuta mistari ya kukua iliyopinda, ambayo ardhi haiitengenezi. Macho matupu hayaoni tofauti. Wanajimu wengi husema kwamba kito cha kiwandani hakifai kuwa tiba. Wakati huo huo, kwa zaidi ya miaka mia moja vito hivyo vimeuzwa na kuvaliwa, vingine na watu walioamini kwamba wamevaa vya ardhini. Kati ya shuhuda zinazosimuliwa kuhusu nguvu ya yakuti, hakuna ajuaye ni ngapi ni za kioo na ngapi ni za tanuri la Verneuil. Kama kito cha uongo kingekuwa hakifanyi kazi na cha kweli kinafanya, wavaaji wangeligundua udanganyifu kwa maisha yao kabla ya darubini. Hawakugundua hivyo.

Mtetezi wa Jyotish atajibu kuwa kito ni tawi tu, na kwamba shina ni usomaji wa nyota ya kuzaliwa. Jibu hilo ni la haki, na limekwisha kujaribiwa, tena huko huko Maharashtra. Mwaka 2008, mwanafalaki Jayant Narlikar, aliyefariki mwaka 2025, pamoja na wenzake katika mji wa Pune, walikusanya tarehe, saa na mahali pa kuzaliwa pa watoto mia moja waliokuwa hodari sana shuleni, na mia moja wengine waliokuwa na ulemavu wa akili. Wanajimu walialikwa kwa hiari yao. Kila mmoja alipelekewa nyota za watoto 40 zilizochanganywa, aseme kila mtoto ni wa kundi gani. Wanajimu 27 walirudisha majibu.

Anayerusha sarafu angepata 20 kwa wastani. Kupata 28 au zaidi kwa kubahatisha hutokea chini ya mara moja katika mia, kwa hiyo alama hiyo ingekuwa ya kushangaza. Aliyeshinda wote alipata 24, na kwa jumla majibu sahihi yalikuwa karibu asilimia 46. Ikumbukwe kwamba tofauti iliyoulizwa haikuwa ndogo. Kama ramani ya nyota haiwezi kueleza jambo zito namna hiyo, ni vigumu kuona itawezaje kueleza kwamba muuza nguo anahitaji gramu 1.20 za yakuti wala si gramu moja. Mmoja wa walioshirikiana na Narlikar alikuwa daktari Narendra Dabholkar, aliyeupinga uganga wa ulaghai kwa miaka mingi. Tarehe 20 Agosti 2013 alipigwa risasi akafa, akiwa katika matembezi yake ya asubuhi mjini Pune.

Itakuwa si haki kuziweka tiba zote tatu katika kapu moja. Mantra ya Zohali, kwa mujibu wa kitabu mashuhuri cha Jyotish kinachonasibishwa na Parashara, husomwa mara 23,000. Kwa tasbihi ya Kihindi yenye shanga 108 hiyo ni mizunguko 213, na ikiwa kila usomaji unachukua sekunde tatu, ni saa 19 za kukaa kitako kwa utulivu. Mtu hawezi kufanya hivyo bila mwili wake kujua. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake, wa Pavia nchini Italia, waliandika katika jarida la madaktari la Uingereza habari za watu wazima 23 wenye afya waliosoma mantra mashuhuri ya Kibudha, na wakati mwingine sala ya Salamu Maria kwa Kilatini. Kila moja ilipunguza mwendo wa pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakawa yanafuatana na shinikizo la damu kwa mpangilio bora zaidi.

Watu 23 ni wachache, na matokeo yenyewe ni ya muda ule wa usomaji. Lakini la kuangaliwa zaidi ni kwamba sala ya Kikatoliki, isiyomtaja Zohali wala sayari nyingine, ilifanya kazi sawasawa na mantra. Kinachofanya kazi, basi, ni pumzi ndefu na za polepole. Mtu anayesoma mantra na kujisikia ametulia ana haki ya kusema hivyo. Anayesema kuwa usomaji huo umeigeuza sayari iliyo mbali kilomita zaidi ya milioni elfu moja, ameruka kutoka kifuani mwake hadi mbinguni bila daraja.

Sadaka ya Zohali hutolewa siku ya Jumamosi: ufuta mweusi, mafuta, nguo nyeusi, vitu vya chuma. Hapa mizani ni nyepesi kuisoma. Fukara aliyepewa nguo amepata nguo, na hilo halihitaji takwimu. Kinachobaki kupimwa ni dai la pili, kwamba mtoaji atalipwa kwa kupungukiwa na nuksi, na dai hilo lina udhaifu ule ule wa pete. Aidha, si kila kinachotolewa humfikia mwenye njaa. Katika kijiji cha Shani Shingnapur, ambacho ni mashuhuri kwa nyumba zake zisizo na milango ya kufungwa, waumini humimina mafuta juu ya jiwe jeusi linalomwakilisha Shani. Kwa mwabudu hiyo ni ibada, naye ana njia yake ya kuielewa. Anayehesabu manufaa ya sadaka ataandika mafuta hayo katika safu tofauti na yale yaliyotiwa katika chungu cha fukara.

Tumrudie muuza nguo. Mwezi wa Februari pete imeanza kulegea kidoleni, naye anaizungushia uzi isidondoke. Kiu haijaisha. Amekonda. Jamaa zake wanaona kukonda huko kuwa mabaki ya Sade Sati, ambayo pete inazidi kuyapunguza, na hakuna hata mmoja anayeihesabu kiu kuwa ushahidi dhidi ya pete, kwa sababu walipoinunua hawakuiandika popote. Kiu nyingi, haja ndogo za usiku, uchovu na kukonda ni dalili za ugonjwa wa kisukari, ambao hutambuliwa kwa tone la damu. Usipotibiwa huharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu, polepole na bila kelele. Miezi sita imepita tangu Agosti, na wala si kwamba pete ilimdhuru. Ilimpa maelezo ya dalili zake, na mtu mwenye maelezo hatafuti mengine.

Darasa linalotaka kulijenga upya jaribio la siku tatu laweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo. Huhitajika bahasha 40 zinazofanana. Katika 20 mwalimu hutia kipande cha kioo cha buluu, na katika 20 nyingine kokoto yenye ukubwa na uzito huo huo, kisha huzifunga zote kwa gundi na kuzipa namba. Orodha ya yaliyomo huwekwa na mtu mwingine ambaye hafundishi darasa hilo. Kabla ya bahasha kugawanywa, wanafunzi wenyewe hukubaliana, kwa maandishi, ni mambo gani yatakayohesabiwa kuwa mabaya, na orodha hiyo haiongezwi baadaye. Kila mmoja hulalia bahasha yake kwa siku tatu na kuandika kila jioni. Kama yupo mnajimu aliye tayari kushiriki, yakuti halisi yaweza kuchukua nafasi ya kioo, naye apewe ruhusa ya kuchagua siku, saa, uzito na watu, mradi achague kabla ya kuanza. Daftari zote hukusanywa na kuhesabiwa kwanza, zile zenye jambo baya upande mmoja na zisizo nalo upande wa pili. Ndipo bahasha zinafunguliwa.